Maelekezo ya kufunga kidonda cha mguu nyumbani

Kutoka: chumba cha vidonda, kliniki ya kisukari, Tanga
Kwa: Mzee, na Mama ambaye ndiye atakayekuwa anafunga kidonda

Shikamooni wazee wangu. Mengi tuliyazungumza leo mezani, lakini ukifika nyumbani nusu yake husahaulika, ndiyo maana nimeyaandika. Karatasi hii ikae pamoja na vifaa vya kufungia, isiwekwe kabatini.

Kidonda kiko unyayoni mguu wa kulia, kwenye nundu iliyo chini ya kidole gumba. Leo nimekipima: urefu sentimita 2, upana sentimita 1 na nusu. Nyama yake ni nyekundu, hakina usaha, picha ya eksirei haikuonyesha tatizo kwenye mfupa, na mapigo ya damu mguuni yapo. Hiyo ni hali ya kutia moyo. Kibaya ni ganzi: nilipogusa unyayo kwa ule uzi wa plastiki, Mzee hakusikia popote pale mbele. Mguu usiosikia hautasema ukiumia, kwa hiyo mnategemea macho kuliko maumivu. "Hakiniumi" si dalili kwamba kinapona.

Kuhusu kukanyaga

Hili naliweka mbele ya bandeji kwa makusudi. Kidonda kikifungwa vizuri kila siku huku kinakanyagiwa, hakifungi. Pedeli ya cherehani inasukumwa na sehemu ileile yenye kidonda, mamia ya mara kwa siku, na sugu iliyokuwa imeota pale ilikuwa inakandamiza nyama kwa ndani kabla ngozi haijapasuka. Mzee, cherehani ipumzike. Kijana wa dukani akanyage, wewe kata vitambaa na upime wateja ukiwa umeketi. Mguu wa kushoto peke yake nao usitumike kwenye pedeli, kwa sababu nao una ganzi na utafuata njia hiyohiyo.

Vaa ile sendo yenye sponji iliyotobolewa kila unaposimama, hata kwenda chooni usiku, na tembea kwa magongo. Sendo ikae chini ya kitanda upande unaoshukia. Kandambili hapana, na pekupeku hapana, hata ndani kwenye zulia. Ukiketi, pandisha mguu kwenye kiti chenye mto, mto ukae chini ya shavu la mguu ili kisigino kisigandamizwe.

Uliniuliza kuhusu swala. Ukisujudu na ukikaa tahiyatu, vidole vya mguu wa kulia hukunjwa na uzito wote huenda kwenye nundu ile ile. Uswali ukiwa umeketi kwenye kiti mpaka tuseme vinginevyo. Udhu usilowanishe bandeji. Kupangusa juu yake kwa mkono wenye unyevu kidogo kunatumiwa na wagonjwa wengi, lakini la dini muulize sheikh wako. Langu mimi ni kwamba maji yasiingie ndani.

Vifaa

Gozi za pakiti, gozi ya mafuta, bandeji za kitambaa, plasta, glavu, mkasi wa kukatia bandeji tu, rula, na mfuko wa taka. Maji ya chumvi mtengeneze wenyewe: chemsha nusu lita ya maji kwa dakika 10, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, koroga, funika, acha yapoe kabisa. Yakipita saa 24 mwaga, chemsha mengine. Pamba msiitumie ndani ya kidonda, nyuzi zake hubaki.

Namna ya kufunga

Fungeni mara moja kwa siku, asubuhi Mzee akishaoga. Bandeji ikilowa, ikichafuka au ikiteleza, badilisheni hata kama saa haijafika. Chagueni sehemu yenye mwanga, mbali na jiko na vumbi, na nzi wasiwepo.

Mama, anza kwa kunawa mikono kwa sabuni, katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha acha ikauke au futa kwa kitambaa safi. Tandika kitambaa safi chini ya mguu. Vaa glavu, kata bandeji ya jana upande wa juu wa mguu, usipitishe mkasi juu ya kidonda. Gozi ikigandia usiivute: imwagie maji ya chumvi, subiri dakika chache, itaachia yenyewe. Ukiivuta kwa nguvu unang'oa nyama changa iliyoota usiku, na Mzee hatakuambia kwa sababu hasikii.

Kabla ya kuitupa, iangalie na uinuse. Majimaji ya njano hafifu kidogo ni kawaida. Mazito, ya kijani, au yenye harufu si kawaida. Kisha tazama kidonda: rangi ya nyama, kingo, na ngozi inayozunguka. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi wazi, ngozi huwa kama zambarau, au nyeusi zaidi na yenye kung'aa. Kwa hiyo vua glavu, weka mgongo wa mkono wako kwenye ngozi ya pembeni, kisha sehemu ileile ya mguu wa kushoto. Wa kulia ukiwa na joto zaidi, hiyo ni habari muhimu. Mzee asijipime mwenyewe.

Nawa tena, vaa glavu mpya. Mwagia kidonda maji ya chumvi mpaka kionekane safi, ukianzia katikati kwenda nje. Usisugue. Usilowekeshe mguu kwenye beseni, kwani ngozi hulainika na kupasuka. Kausha ngozi ya pembeni na katikati ya vidole kwa kugusagusa na gozi kavu. Weka gozi ya mafuta iliyokatwa kwa ukubwa wa kidonda, isipande kwenye ngozi nzima. Juu yake gozi kavu mbili, halafu bandeji, ukianzia kwenye vidole kupanda kifundoni. Ncha za vidole ziachwe wazi. Bandeji isikaze: kidole chako kiweze kupita chini yake. Usirundike gozi nyingi unyayoni ukidhani unamwekea godoro, rundo hilo ndilo litakalogandamiza. Plasta ishike bandeji, isishike ngozi.

Nusu saa baadaye chungulia vidole. Vikiwa baridi, vimepauka au vimevimba, fungua, funga upya kwa kulegeza.

Taka funga kwenye mfuko, choma au fukia shimoni. Nawa mikono. Kila Ijumaa pima kidonda kwa rula bila kukigusa, uandike urefu na upana kwenye daftari la kliniki. Baada ya wiki 4 tunatarajia kiwe kimepungua karibu nusu. Kisipopungua tutabadilisha mpango, wala haimaanishi kwamba mmekosea.

Yasiyotakiwa

Jirani watakuja na ushauri. Majivu, mkaa uliosagwa, dawa ya meno, unga wa vidonge vya kapsuli, mafuta ya breki, majani yaliyotwangwa: hakuna hata kimoja. Spiriti na haidrojeni peroksaidi nazo huunguza nyama changa. Maji ya moto ya kukandia ni hatari kuliko vyote, maana mguu wenye ganzi huungua mpaka malengelenge bila mwenyewe kujua.

Antibayotiki hatukukupa kwa sababu kidonda hakina maambukizi. Usinunue duka la dawa kwa kujihami. Sugu inayoota kwenye kingo usiikate kwa wembe wala usiisugue kwa jiwe, hiyo nitaikata mimi hapa.

Lingine linaweza kuonekana la kuchekesha, lakini tunaliona: panya hung'ata miguu yenye ganzi usiku, na mgonjwa hugundua asubuhi kwa damu kwenye shuka. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, na mabaki ya chakula yasilale chumbani.

Sukari

Metfomini na insulini ya jioni ziendelee kama kawaida. Pima asubuhi kabla ya kula. Lengo lako ni kati ya 4 na 7. Ikishuka chini ya 4, kunywa nusu glasi ya maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15. Kufunga swaumu usianze bila kuzungumza nasi kwanza.

Dalili za hatari

Njoo siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki, ukiona mojawapo kati ya hizi: usaha au harufu mbaya, ngozi ya pembeni kuvimba, kuwa na joto au kubadilika rangi, kidonda kupanuka au kuongezeka kina, maumivu mapya kwenye mguu uliokuwa hausikii kitu, kitu kigumu cheupe kuonekana chini ya kidonda, sukari kupanda juu ya 15 mara mbili mfululizo bila sababu ya chakula. Pia mguu wowote kati ya hiyo miwili ukivimba na kuwa na joto hata kama hauna kidonda, usiukanyage, njoo.

Usiku wa manane usiwe kikwazo kwa hizi zinazofuata. Nendeni idara ya dharura hospitali, kwa bajaji au gari la jirani:

- homa, baridi ya kutetemeka, au Mzee kuchanganyikiwa, kutapika au kuhema kwa kasi;
- weusi kwenye kidole au kwenye kidonda;
- uvimbe au mabadiliko ya rangi kusambaa zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingoni, au mstari unaopanda mguuni;
- ngozi kuchakarika ukiigusa, kama kuna hewa ndani, au malengelenge yenye maji meusi;
- mguu kuwa baridi na kupauka ghafla;
- damu isiyokata baada ya kukandamiza kwa gozi safi dakika 10.

Homa isiwe ndiyo kipimo chenu. Mtu mwenye kisukari anaweza kuwa na maambukizi makubwa mguuni bila homa yoyote. Mkifika waambieni wafungue bandeji na waangalie. Msikubali kurudishwa nyumbani kwa dawa ya homa tu huku mguu umefungwa.

Namba ya simu ya kliniki iko kwenye jalada la daftari lako. Tunaonana Jumanne ijayo saa 2 asubuhi. Njoo na daftari, dawa zote, na sendo ukiwa umeivaa mguuni. Mama aje pia, na aniletee gozi ya asubuhi hiyo kwenye mfuko safi, nataka kuona inavyolowa.