Mwenye Gazeti

Wiki ya tatu ya uanagenzi wangu, mhariri alinipa kazi aliyodhani ni ya dakika kumi: kisanduku cha maneno 100 kuhusu gazeti letu, kwa ajili ya toleo la kutimiza miaka 20. "Lilianza lini, limepitia wapi, mwenyewe ni nani. Usinipambie."

Hilo la mwenyewe ndilo lililonikwamisha. Kila niliyemuuliza alijibu, "Wakubwa." Wakubwa gani? "Wakubwa tu." Walitajwa hasa habari inapotupwa. Siku chache nyuma, habari ya mabomba ya maji yaliyopasuka miezi minne tu baada ya kufukiwa ilikuwa imeshapangwa ukurasa wa tatu. Jioni ikatoweka, na pale pale likakaa tangazo la mkandarasi aliyeyafukia.

Nilianzia ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo kama sisimizi ambayo hata sisi wa ndani hatuyasomi: jina la kampuni inayochapisha. Halikufanana hata kidogo na jina la gazeti. Kwa msajili wa makampuni nikajaza fomu, nikalipa ada, nikaletewa jalada. Hisa 1,000: moja ya wakili, 999 za kampuni nyingine. Nikaomba jalada la hiyo nyingine. Anwani yake ilikuwa ofisi ya wakili yuleyule, na hisa zake zote zilikuwa za mtu mmoja ambaye sikuwahi kusikia jina lake. Nikajiona nimeshamkamata tajiri.

Kilichonishtua ni saini. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu uliopita chini ya jina zima na kuishia kwa nukta mbili, kama mtu aliyebisha hodi. Saini ile nilikuwa naiona kila asubuhi kwenye daftari la kupokelea barua. Ilikuwa ya tarishi wetu. Ofisi nzima tunamwita Babu, na nadhani hakuna aliyekuwa na haja ya kujua jina lake lingine.

Nilimkuta akifunga marobota ya magazeti yaliyorudi bila kuuzwa. Nilipomwambia kwamba gazeti ni lake, alicheka hadi akaachia kamba.

"Mwanangu, wakili aliniita, nikatia saini karatasi tatu. Moja haikuwa na tarehe. Nikauliza, nikaambiwa tarehe itajazwa ikihitajika."

Hiyo ilikuwa hati ya kuhamisha hisa. Anayeishika anaweza kujaza tarehe siku yoyote, na Babu akaacha kuwa tajiri kabla hajamaliza kufunga robota lake. Ni mtego rahisi, na ninakiri una ufundi wake.

Nilirudi kwa msajili kutazama dhamana. Mtambo wa kuchapia ulikuwa umewekwa rehani benki, na mdhamini wa mkopo alikuwa yule mkandarasi wa mabomba. Nilikimbia nayo kwa mhariri. Aliisoma mara mbili, akanirudishia.

"Hii inaonyesha amedhamini. Haionyeshi anamiliki. Ukiandika hivi, atatushitaki na atashinda."

Niliumia, lakini alikuwa sahihi.

Kesho yake Babu alinisubiri ngazini na nakala ya toleo letu la kwanza, imekunjwa, karatasi yake imegeuka rangi ya kahawia. "Niliwaomba nakala yangu," alisema. "Mtu husaini kitu akabaki mikono mitupu?" Ndani ya gazeti kulikuwa na tamko la ukurasa mmoja: yeye anashika hisa zote kwa niaba ya mtu mwingine, na faida yote ni ya huyo mtu. Jina la mkandarasi lilikuwepo, na saini yake pia.

Mhariri alipoliona alinyanyuka akafunga mlango. "Nani mwingine ameliona hili?"

"Babu."

"Usimtaje. Andika. Maneno 100, ukizidisha nakata."

Niliandika 97. Toleo la miaka 20 likatoka. Mahali pa kisanduku palikuwa na salamu za pongezi kutoka kwa mkandarasi, na picha yake akitabasamu. Mhariri hakunitazama siku nzima, nami sikumuuliza kitu.

Mwisho wa mwezi kijana wa wakili alileta ripoti ya mwaka ya ile kampuni. Kwa desturi Babu huisaini akiwa amesimama, karatasi juu ya robota, kalamu ya kuazima. Kijana alishamfunulia ukurasa wa saini.

Babu alivuta kiti, akaketi. Akarudisha kurasa hadi ya kwanza, akanyoosha mkono upande wangu bila kugeuka.

"Mwanangu, niazime hiyo miwani yako."

Kijana alisema ana haraka.

"Basi iache," Babu alisema. "Utaipitia kesho."