Asifiwe na Feza ya Chuma

Asifiwe alikuwa na miaka 6. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo akicheka, ulimi ulichungulia nje. Mguu wa kushoto alivaa kambambili ya bluu. Mguu wa kulia alivaa kambambili nyekundu. Kwa nini? Subiri, utajua.

Aliishi Goma, mtaa wa Birere, pamoja na mama yake na kaka yake Baraka. Baraka alikuwa na miaka 9.

Ilikuwa siku ya posho, na siku hiyo hawakuwa na masomo. Asubuhi mama aliwaita.

"Baraka! Asifiwe! Nendeni bombani mlete maji. Leo napika maharagi."

Baraka akachukua bidoni lake la lita 10. Asifiwe akachukua lake dogo, la lita 5. Yote mawili yalikuwa ya njano. Wakatoka.

Njia ya kwenda bombani ni ya mawe meusi, yenye ncha na matundumatundu. Unajua yalitoka wapi? Yalitoka kwenye mlima Nyiragongo, ule mlima mkubwa ambao usiku mwingine kilele chake kinakuwa chekundu. Mwaka 2002, Asifiwe bado hajazaliwa na mama yake ni mtoto mdogo, moto ulishuka kutoka mlimani. Ukapita katikati ya mji. Ukafika mpaka ziwani, kwenye ziwa Kivu. Halafu ukapoa, ukawa mawe. Leo watu wa Goma wanajengea nyumba mawe hayo. Na watoto wanajikwaa juu yake kila siku!

Asifiwe naye akajikwaa. Pu!

"Yoo! Kidole changu!"

Akainama kushika kidole. Ndipo akaona kitu. Kati ya mawe mawili, chini kabisa, kitu kilikuwa kinang'aa.

Akaingiza kidole. Hakikufika. Akatafuta kijiti. Akachokora. Chokoro, chokoro, chokoro. Kitu kikaruka, kikaanguka juu ya jiwe.

Ti!

Ilikuwa feza. Lakini haikuwa feza ya karatasi, kama ile mama anayompa Baraka akamnunulie chumvi. Hii ilikuwa ya chuma. Ilikuwa mviringo. Ilikuwa baridi. Na ilikuwa na namba: 1, na 0, na 0 tena.

"Mia moja!" alisema Baraka. "Hii ni feza ya Rwanda!"

Birere iko karibu sana na mpaka. Ukitembea kidogo tu, unafika kwenye barieri, na ng'ambo ya barieri ni Gisenyi, mji wa Rwanda. Kila asubuhi akina mama wengi wanavuka kwenda, wanavuka kurudi, na mizigo kichwani. Ndiyo maana huko Birere unaweza kuona feza za pande zote mbili.

Sasa, pale pembeni ya njia, nani alikuwa amekaa? Mama Zawadi, muuza mandazi!

Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye karai. Mama Zawadi alichota donge la unga kwa vidole, akalitupa ndani. Shwaaa! Donge likazama. Likapanda. Likavimba. Upande wa chini ukawa rangi ya kahawia, upande wa juu bado mweupe. Mama Zawadi akaligeuza kwa kijiti kirefu, pole pole. Harufu ikaja mpaka puani kwa Asifiwe. Na mandazi ni laini. Hata mtoto asiye na meno ya mbele anakula mandazi bila shida.

Baraka akamvuta mkono.

"Asifiwe, tununue moja. Tutagawana. Weye nusu, miye nusu."

Asifiwe akaangalia mandazi. Akaangalia feza. Akaangalia mandazi tena.

"Lakini siyo yetu," alisema.

"Umeiokota! Na hakuna mtu aliyetuona."

"Weye umeniona," alisema Asifiwe. "Na miye nimekuona."

Baraka akanyamaza. Hakuwa na la kujibu.

Asifiwe akaangalia miguu yake. Kambambili ya bluu. Kambambili nyekundu. Zamani zote mbili zilikuwa za bluu. Siku moja mvua kubwa ilinyesha, moja ikamtoka mguuni, ikaenda na maji. Asifiwe aliitafuta huku na huku. Aliuliza kila mtu. Alilia mpaka akalala. Mtu fulani aliiokota kambambili ile, lakini hakuirudisha.

"Mwenye feza anaitafuta sasa hivi," alisema Asifiwe. "Labda analia."

Akakunja ngumi, feza ndani.

"Twende tumtafute."

Lakini unamtafutaje mwenye feza? Feza haina jina! Feza zote za mia zinafanana!

Baraka akapanda juu ya jiwe akapiga kelele: "Nani amepoteza feza? Nani amepoteza feza?"

Loo! Watu wakageuka.

Kijana mmoja akaja mbio. "Miye! Miye! Ni yangu!"

Asifiwe akaficha ngumi nyuma ya mgongo.

"Feza yako ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa mia tano. Ya karatasi."

"Siyo hii," alisema Asifiwe.

Akaja mwanaume mwenye kofia. "Mtoto, hiyo feza ni yangu."

"Ilikuwa namna gani, baba?"

"Ilikuwa... ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa na namba gani?"

Mwanaume akakuna kichwa. Akakuna tena. Hakujua.

"Siyo hii," alisema Asifiwe.

Mama mmoja aliyekuwa anauza lengalenga akacheka. "Miye sijapoteza kitu, mwanangu. Uliza mbele."

Aksanti, mama wa lengalenga! Huyo alisema kweli.

Watoto wakaenda mbele. Ngumi ya Asifiwe ilikuwa na jasho. Feza haikuwa baridi tena. Baraka alikuwa anatembea pole pole, anafikiri. Ghafla akasimama.

"Asifiwe! Feza hii ni ya Rwanda. Nani anabeba feza ya Rwanda?"

Asifiwe akafungua macho makubwa.

"Akina mama wa barieri!"

Wakakimbia. Bidoni la Baraka likagonga goti, ngo! Bidoni la Asifiwe likagonga goti, ngo! Ngo, ngo, ngo, mpaka mahali ambapo chukudu zinangoja mizigo.

Unaijua chukudu? Ni baiskeli ya mbao. Haina pedali, haina kiti. Ina magurudumu mawili ya mbao na usukani mrefu, na inabeba mizigo mizito kupita punda. Watu wa Goma wanaipenda sana, hata wameitengenezea sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katikati ya mji.

Kando ya chukudu moja alisimama mama mwenye gunia la karoti na shu. Alikuwa ameshika ncha ya kikwembe chake. Kwenye ncha hiyo kulikuwa na fundo. Mama akafungua fundo, akahesabu feza.

"Moja, mbili, tatu, ine."

Akatikisa kikwembe. Akaangalia chini. Akahesabu tena.

"Moja, mbili, tatu, ine."

"Tulipatana tano, mama," alisema mwenye chukudu.

"Zilikuwa tano, baba! Nilizifunga mwenyewe kule Gisenyi. Zilikuwa tano!"

Moyo wa Asifiwe ukapiga. Du, du, du. Alikuwa bado hajasema neno. Angeweza kuondoka. Mama Zawadi alikuwa bado anakaanga.

Weye ungefanya nini?

Asifiwe akasogea mbele.

"Jambo, mama. Umepoteza kitu?"

"Ee, mtoto wangu. Nimepoteza feza."

"Ya karatasi ao ya chuma?"

"Ya chuma. Mia moja ya Rwanda."

"Na ulipita wapi?"

"Nilipita pale kwenye mawe, karibu na yule mama wa mandazi. Fundo lililegea, sikusikia."

Asifiwe akatoa mkono mbele. Akafungua kidole kimoja. Cha pili. Cha tatu. Vyote! Katikati ya kiganja feza ilikuwa imeacha alama ya mviringo.

"Hii hapa, mama."

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akahesabu kwa sauti, na safari hii Asifiwe na Baraka wakahesabu pamoja naye:

"Moja! Mbili! Tatu! Ine! TANO!"

Mama akachuchumaa mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa Asifiwe.

"Aksanti sana, mwanangu. Jina lako nani?"

"Asifiwe."

"Miye ni Mama Faida. Napita hapa kila siku. Sasa nakujua, Asifiwe."

Asifiwe akacheka, ulimi ukachungulia nje.

Mwenye chukudu naye alikuwa amesikia yote. Akafunga gunia kwa kamba, akavuta, likakaza.

"Watoto, mnaenda bombani? Jazeni maji yenu. Nikitoka sokoni chukudu itakuwa tupu. Nitawabebea."

Na kweli alirudi! Akapanga bidoni la lita 10, akapanga la lita 5, na Asifiwe akakaa katikati. Baraka akasukuma kwa nyuma. Gruu, gruu, gruu, juu ya mawe meusi. Walipofika kwa Mama Zawadi, harufu ya mandazi ikaja tena. Asifiwe akameza mate.

Mama alisikia gruu, gruu, gruu mlangoni. Akatoka nje.

"He! Chukudu? Nani amelipa?"

"Asifiwe," alisema Baraka.

"Kwa feza gani?"

"Hakulipa kwa feza, mama! Aliokota feza, halafu kulikuwa na mwanaume mwenye kofia, halafu..."

"Halafu nilifunga ngumi..."

"Mmoja mmoja!" alisema mama. "Asifiwe, anza weye."

Asifiwe akaeleza yote. Jiwe, kijiti, ti! Kijana, kofia, kikwembe. Moja, mbili, tatu, ine, tano. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akamvuta kwake, akamkumbatia kwa nguvu.

"Nimefurahi sana, Asifiwe. Na mandazi, hukuyataka?"

"Niliyataka," alisema Asifiwe. "Hata sasa nayataka."

Mama akacheka. Akainua bidoni, akamimina maji kwenye sufuria ya maharagi.

"Kesho, tukitoka kanisani, tutapita kwa Mama Zawadi."

"Tutanunua ngapi?" aliuliza Baraka.

"Tatu!" alijibu Asifiwe haraka, kabla mama hajafungua mdomo.