Msako wa Hazina: Kambi ya Darasa la Tano, Ufukwe wa Ilemela

Kwa walimu wa zamu (msiwasomee watoto)

Msako uanze saa 2 asubuhi, chai ikishanyweka. Tukichelewesha hadi mchana, upepo wa ziwani utatuvurugia kila kitu. Kila kadi ikae ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko. Vikosi ni vinne: Sato, Sangara, Furu na Gogogo. Viachiane dakika kumi, na kila kikosi kiongozane na mwalimu mmoja anayeshika saa na kufunga mdomo.

Furu wakinung'unika kwamba wamepewa jina la kisamaki kidogo, waambieni furu wa ziwa hili walikuwa wa aina mamia kabla sangara hajaletwa miaka ya 1950 na kuwageuza kitoweo. Watapata hasira ya kutosha kushinda.

Kutangaza, chini ya mwembe (kwa sauti)

Haya, wasakaji! Kuna tranka limefichwa kambini, limefungwa kwa kufuli. Kila kadi mtakayoipata ina kitendawili mbele na herufi moja nyuma. Kitendawili kitawaonyesha pa kwenda. Herufi iandikeni daftarini, kisha kadi irudisheni koponi kwa ajili ya wenzenu. Mwishoni herufi zenu zitataja kitu, na tranka liko chini ya kitu hicho.

Masharti ni haya: hakuna kuingia ziwani, hata kulowesha vidole vya miguu. Kichocho hakiulizi jina la kikosi. Hakuna kupanda mawe. Hamwendi mbele mpaka wote mmefika, hata yule aliyesimama kufunga kamba za viatu.

Kitendawili!

*(Watoto: Tega!)*

Kadi ya 1 — inasomwa hapo hapo mwembeni

> Kijani ni mashambani, buluu ndiyo ziwani,
> Weusi, watu nchini, njano, madini ya chini,
> Huamkia angani, hushushwa kila jioni,
> Nifuateni shinani, mfunue jiwe chini.

*Jibu: mlingoti wa bendera. Ni rahisi makusudi, vina vyote -ni. Wakikwama hapa, hiyo chai haijawafika kichwani.*

Kadi ya 2 — chini ya jiwe, mlingotini. Nyuma: A

> Zamani nilizunguka, nikiwa chini ya lori,
> Leo nimetundikika, nimeacha kusafiri,
> Nipigwapo hupayuka, mzembe huwa tayari,
> Nyuma yangu mtashika kadi yenu ya safari.

*Jibu: kengele yetu, ile ringi ya gurudumu iliyoning'inia mkuyuni. Asiigonge mtu, kambi nzima itadhani ni chakula.*

Kadi ya 3 — nyuma ya ringi. Nyuma: B

> Sisi watatu wazito, tumekaa kwa duara,
> Katikati pana moto, hatulii kwa harara,
> Wawili tu, ni majuto, ubwabwa wote hasara,
> Shikamoo si uzito, ndipo mpate ishara.

*Jibu: mafiga ya jikoni. Kadi inayofuata iko mfukoni mwa aproni ya mama mpishi, na hatoi mpaka kikosi kizima kimemwamkia. Akiamkiwa "Mwangaluka, mayu", amekubali kuongeza kipande cha kiazi kwa kila mmoja. Hili msiwadokeze. Wapo Wasukuma wa kutosha humo vikosini, watakumbuka wenyewe.*

Kadi ya 4 — kwa mama mpishi. Nyuma: I

> Ndugu yangu maarufu kasimama kwenye maji,
> Apigwa picha sufufu na wageni na wenyeji,
> Mimi huku mkunjufu, pimbi ndio wapangaji,
> Msipande, wasumbufu, kadi si ya wapandaji!

*Jibu: rundo la mawe nyuma ya mahema ya wasichana. "Ndugu maarufu" ni Jiwe la Bismarck, walilolipita juzi basi lilipokuwa likitoka mjini. Mtoto atakayetaka kukimbilia ufukweni kwa sababu ya neno "maji" asomewe tena mstari wa tatu, polepole. Kopo liko kwenye mwanya wa chini upande wa mahema, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika bila kuinua mguu. Mwalimu apige mwanya kwa fimbo kwanza, kila kikosi kinapokaribia. Pimbi sio wapangaji pekee wa mawe.*

Kadi ya 5 — mwanyani. Nyuma: A

> Usiku twaona taa, twadhani mwezi mwandamo,
> Twasogea kushangaa, kumbe wavu nao umo,
> Sasa juani twakaa, tumekauka midomo,
> Usituonje kwa njaa, kadi ufitoni imo.

*Jibu: kichanja cha dagaa, nje kidogo ya uzio. Wenye dagaa tumeshawaomba ruhusa. Wameomba jambo moja tu, kwamba watoto wapite upande wa mwaloni na si katikati ya nyavu zilizotandazwa. Kopo limefungwa kwenye ufito wa pembeni, na harufu itawaelekeza kabla ya macho.*

*Hapa simamisheni saa dakika mbili, muwaulize: kwa nini usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi ni chache ziwani? Jibu limo ndani ya kitendawili chenyewe. Dagaa huifuata taa kukiwa na giza. Mwezi ukijaa, ziwa lote lina mwanga, na taa ya mvuvi inakosa wa kumvuta. Kikosi kitakachojibu bila kusaidiwa kipunguziwe dakika tano.*

Kadi ya 6 — ufitoni. Nyuma: K

> Mnene, mweusi tii, nanywa mvua kwa mrija,
> Sitembei, sikimbii, kwa foleni mnakuja.

*Jibu: simtanki. Mistari miwili inatosha, wameshachoka na jua. Wanywe maji hapo, wote.*

Kadi ya 7 — nyuma ya bomba la simtanki. Nyuma: R

> Ukerewe nilifika, Ukara sikuikosa,
> Tumbo chini nimeweka, mgongo jua lagusa,
> Nyufani pamba yashika, maji hayana ruhusa,
> Inameni bila shaka, kadi mtaipapasa.

*Jibu: mtumbwi mkuukuu uliofunikwa mchangani, nje ya uzio wa jikoni. Uko mbali na maji, lakini mwalimu mmoja asimame kati yake na ziwa tangu kikosi cha kwanza hadi cha mwisho. Wakiuliza pamba inafanya nini kwenye mtumbwi, waonyesheni: nyuzi zimeshindiliwa kati ya mbao na mbao, zinaonekana wazi pale rangi ilipobanduka.*

Kadi ya 8 — ndani ya mtumbwi, juu ya ubao wa kukalia. Nyuma: A

> Herufi zenu ni saba, changanyeni, mzipange,
> Irabu nne si haba, hizo tatu mziunge,
> Mafuta taa nashiba, pampu pigeni niringe,
> Dagaa niliwaiba usiku, wasijikinge.

*Jibu: KARABAI. Ile ya zamani imetundikwa msumarini kwenye ukuta wa stoo. Wavuvi wengi sasa wanatumia taa za sola na betri, kwa hiyo wapo watoto ambao hawajawahi kuigusa karabai. Wakiandika "BARAKAI" au "RAKABAI", wapeni silabi ya kwanza, KA, mara moja tu.*

Hazina

Tranka liko chini ya karabai, limefunikwa gunia. Kikosi cha kwanza kwa muda kinapewa ufunguo, ila hakifungui mpaka vyote vinne vimefika. Ndani mna michembe, karanga za kukaanga, mipira miwili, na kamba ndefu ya kuvutana. Michembe igawiwe na kikosi kilichoshika mkia, na kikosi hicho kichukue fungu la mwisho. Mtaona mafungu yatakavyolingana.

Mwalimu wa kengele akusanye makopo yote manane kabla ya saa 6, likiwemo la mwanyani. Pimbi hawana kazi nalo.