Maswali Yasiyokuwa na Namba

Kila Ijumaa, baada ya mapumziko ya saa nne, wanafunzi wa Darasa la Sita walifanya jaribio la Hisabati lenye maswali 20 kwa dakika 40, na kila Ijumaa Mwanaidi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alikunja karatasi yake mara moja, akaipeleka mezani kwa Mwalimu Mhina, kisha akarudi kwenye dawati lake huku wenzake wakiwa bado wanatafuna ncha za penseli. Wengine walimtazama kwa wivu. Salome, aliyekaa naye dawati moja, aliwahi kumwambia kwamba mikono yake ina haraka kama ya mtu anayemenya machungwa ya wateja, na maneno hayo yalimpendeza Mwanaidi kwa sababu yalikuwa ya kweli: mama yake aliuza machungwa kando ya barabara ya Segera kwenda Tanga, pale Muheza ambako mabasi husimama na abiria hunyoosha mikono madirishani, na asiyekuwa mwepesi pale haoni mauzo.

Karatasi zilirudishwa Jumatatu. Mwanaidi alipata 9, juma lililofuata akapata 8, na lile la tatu akapata tena 9.

Hakuwa mtoto asiyejua Hisabati, na hilo ndilo lililomuumiza. Jedwali la kuzidisha alilijua tangu Darasa la Tatu, na chenji aliirudisha kichwani kabla mteja hajamaliza kuhesabu noti zake. Jumatatu ile ya tatu aliificha karatasi ndani ya daftari la Sayansi, akamwambia mama yake kwamba mwalimu hajasahihisha bado. Mama alimtazama kidogo, akaendelea kupanga machungwa mafungu mafungu, asiseme neno. Ukimya ule ulimkaa Mwanaidi moyoni usiku kucha kuliko ambavyo ungemkaa ukali.

Siku ya pili yake Mwalimu Mhina alimwita baada ya masomo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo. Umekuja na karatasi zako zote tatu?"

Alizitoa moja baada ya nyingine. Mwalimu alizitandaza mezani, akavaa miwani, na kwa muda mrefu hakusema lolote. Mwanaidi alijiandaa kusikia kwamba hajitahidi, au kwamba anachelewa kulala, kwa maana hayo ndiyo wanafunzi waliopata alama chini ya 10 waliyozoea kuambiwa. Badala yake mwalimu aliweka kidole kwenye swali la tatu la karatasi ya kwanza.

"Bustani ya mstatili ina urefu wa meta 18 na upana wa meta 12. Wewe umeandika 216. Umeipataje?"

"Nimezidisha, Mwalimu. 18 mara 12."

"Na ni kweli, 18 mara 12 ni 216. Sasa nisomee swali linataka nini."

Mwanaidi aliinamia karatasi. Macho yake yalikimbilia kwanza kwenye 18, yakaruka kwenye 12, ndipo yakarudi nyuma polepole kutafuta neno lililokuwa mwishoni mwa sentensi. "Tafuta mzingo," alisoma, na sauti ikamshuka. Mzingo aliujua vizuri. Ni kuizunguka bustani yote, yaani 18 na 12 mara mbili, meta 60. Yeye alikuwa ametafuta eneo.

Mwalimu alihamia swali jingine, lililotaka thamani ya tarakimu 7 katika 47,052. Mwanaidi alikuwa ameandika "maelfu", ambayo ni nafasi ya tarakimu hiyo, wala si thamani yake, ambayo ni 7,000. Chini yake kulikuwa na swali la basi lililoondoka saa 2:40 asubuhi na kufika saa 4:15, likiuliza basi hilo lilitumia dakika ngapi njiani. Yeye alijibu saa 1 na dakika 35, jibu ambalo lingekuwa sahihi kama asingeulizwa dakika, na hapa walitaka 95. Katika swali lililomtaka achague namba ambayo si tasa kati ya 11, 13, 15 na 17, aliizungushia duara 11, kwa kuwa aliliona neno "tasa" na hakuliona neno "si".

Lililomchoma kuliko yote lilikuwa la machungwa. Mfanyabiashara alinunua machungwa 200 kwa shilingi 20,000. Machungwa 20 yakaoza, akauza yaliyobaki kwa shilingi 150 kila moja. Je, alipata faida kiasi gani? Mwanaidi alizidisha 200 kwa 150, akatoa 20,000, akaandika 10,000. Alikuwa ameyauza hata yaliyooza, yeye ambaye kila alfajiri huyachagua mabovu na kuyatenga kabla jua halijachomoza! Machungwa ya kuuzwa yalikuwa 180, mapato yake shilingi 27,000, na faida shilingi 7,000.

"Kati ya makosa yako haya, Mwanaidi," Mwalimu Mhina alisema, "nimehesabu mengi ambayo hesabu yake haina dosari. Umejibu maswali ambayo mimi sikuyauliza."

Hakumkemea. Alichukua karatasi nyeupe, akaandika maswali 10 kwa mwandiko wake mkubwa wa ubaoni, ila kila mahali palipostahili namba aliacha mstari mtupu. Bustani ilikuwa na urefu usiotajwa na upana usiotajwa, mfanyabiashara alinunua machungwa yasiyo na idadi, na basi liliondoka saa isiyojulikana. Alimwambia aende nayo nyumbani, na kwamba hatakiwi kukokotoa chochote. Chini ya kila swali aandike kwa maneno yake mwenyewe kitu kinachotafutwa, na kitu ambacho mtu mwenye haraka angedhani kinatafutwa.

Jioni ile, mwanga wa taa ukiwa mdogo na mdogo wake akiwa amelala mapajani mwa mama, Mwanaidi alikaa na karatasi isiyo na namba hata moja, akahisi kana kwamba amenyang'anywa ngazi aliyozoea kupandia. Mikono yake haikuwa na kazi ya kufanya. Ilimbidi asome. Alisoma swali la kwanza mara moja na hakuelewa; alisoma mara ya pili akaona neno "yaliyobaki" limejificha katikati kama chungwa bovu chini ya fungu; mara ya tatu ndipo alipoweza kuandika kile kilichotakiwa. Maswali 10 yalimchukua karibu saa nzima. Mama, ambaye hakuwa amesoma zaidi ya Darasa la Nne, alimwuliza ni hesabu gani hiyo isiyo na tarakimu, naye akamsomea moja kwa sauti.

"Kwani hilo gumu?" mama alisema. "Mteja akija akasema nipe ya elfu mbili, lakini yasiwe mabivu sana kwa sababu nasafiri nayo, wewe humpi yaliyoiva ukasema umetimiza elfu mbili. Humwachii amalize maneno yake?"

Mwanaidi akatoa karatasi tatu zilizokuwa kwenye daftari la Sayansi, akamkabidhi mama yake bila kuulizwa.

Ijumaa iliyofuata haikuwa njema kama alivyotumaini. Alisoma kila swali mara tatu, akapigia mstari kila neno aliloona kuwa zito, na kengele ilipolia alikuwa amefika swali la 13 tu. Alipata 11. Ni kweli kwamba majibu yake mawili tu ndiyo yalikuwa na makosa, lakini kurasa zilizobaki wazi zilimtia aibu, na kwa mara ya kwanza alikuwa wa mwisho kukusanya karatasi, huku mvulana mmoja wa dawati la nyuma akicheka kwa sauti kwamba siku hizi mwepesi amekuwa kobe. Mwanaidi alitamani kurudi kwenye mwendo wake wa zamani. Ninaamini wengi wangerudi hapo, maana si jambo dogo kwa mtoto kuachia sifa pekee anayojulikana nayo darasani.

Hakurudi. Alichobadilisha ni namna ya kugawa dakika zake: alisoma mara moja polepole hadi nukta ya mwisho, akapigia mstari mmoja tu chini ya kitu kinachotafutwa, akakokotoa, kisha kabla ya kuhamia swali jingine akaurudia ule mstari na kujiuliza kama jibu lake linaufaa. Maneno kama "si", "isipokuwa", "yaliyobaki" na "kila" aliyazungushia duara. Vipimo alivitazama mwanzoni na mwishoni, kwani alikwisha kugundua kwamba swali linaweza kuanza kwa meta na kuishia kwa sentimeta. Alipata 14. Juma moja aliteleza hadi 13, halafu akapata 16.

Katika jaribio la mwisho kabla ya likizo, darasa lilikuwa kimya na kalamu zilikuwa zikikwaruza karatasi pale Mwanaidi alipoinua mkono. Swali la 14 lilisema hivi: Umri wa Asha ni mara tatu ya umri wa Neema, na jumla ya umri wao ni miaka 48, je, umri wake ni miaka mingapi?

"Mwalimu, samahani. Umri wa nani?"

Mwalimu Mhina aliinua karatasi, akaisoma, akaisoma tena. Neema alikuwa na miaka 12 na Asha 36, lakini hakuna mahali palipoonyesha ni nani kati yao aliyeulizwa. Wanafunzi walianza kutazamana, kwa sababu wengi walikuwa wamekwisha kuandika jibu, wengine 12 na wengine 36, na hakuna aliyekuwa ameona upungufu wowote. Mwalimu alikwenda ubaoni, akaliandika swali upya akitaja jina la Asha, akasema, "Kosa ni langu. Anayetaka kurekebisha arekebishe, na nitawaongezea dakika mbili."

Siku ya kurudishiwa karatasi Mwanaidi alipata 18. Salome alimkumbatia, lakini yeye alikuwa ameshaligeuza jani kutafuta yale mawili aliyokosa. La kwanza lilikuwa kosa dogo la kutoa. La pili lilitaka kigawe kidogo cha shirika cha 12, 18 na 20. Alilisoma sawasawa, akalipigia mstari sawasawa, akaandika 360. Alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Mwalimu, hili nimelielewa linataka nini. Sijui kulifanya."

Mwalimu Mhina aliweka chini mkoba wake aliokuwa amekwisha kuunyanyua, akavuta kiti, akampa chaki. Mwanaidi akaandika 12, 18 na 20 ubaoni kwa mstari mmoja, akachora mstari wa wima kushotoni, akaanza kugawanya kwa 2.