Hesabu ya kikundi, mwezi wa Tisa, kwa kifupi

Wanakikundi, habari za jioni. Ile taarifa ndefu niliyosoma kikaoni ipo kwa katibu. Wengi mmesema inawachosha, kwa hiyo hapa naweka yale yanayogusa mfuko wako tu.

Tulianza mwezi na sh. 486,500. Zimeingia hisa 142 (sh. 710,000), marejesho ya mikopo sh. 640,000, riba sh. 64,000 na faini sh. 14,000. Zimetoka mikopo minne mipya, jumla sh. 1,450,000, pamoja na daftari na makato ya benki sh. 9,500.

*Tumebaki na sh. 455,000.* Benki ziko 300,000. Sandukuni ziko 155,000, yaani noti 14 za elfu kumi, pamoja na noti 3 za elfu tano, zimehesabiwa mbele ya washika funguo wote watatu kabla ya kufunga.

Baadhi yenu mmeniuliza pembeni: hisa zimepanda, mbona fedha imepungua? Haijapotea. Iko mikononi mwetu wenyewe. Mikopo iliyo nje ilikuwa sh. 2,310,000, sasa ni *sh. 3,120,000*. Huko ndiko riba inakotoka, ila ndiko pia tunakoweza kukwama watu wakichelewa.

Na kuna waliochelewa. Wanachama wawili hawajaleta rejesho, jumla sh. 95,000. Nimeongea nao na wameahidi kuleta kikao kijacho. Majina siyaandiki hapa, yanasomwa kikaoni kama katiba yetu inavyosema. Tafadhali tusianze kukisia.

Mfuko wa jamii una hesabu yake, hauchanganywi na ya juu. Ulikuwa na sh. 132,000, wanachama 24 kati ya 25 wakachangia elfu mbili mbili, tukatoa rambirambi sh. 60,000 kwa mwenzetu aliyefiwa. Umebaki na sh. 120,000. Aliyebaki kuchangia anajijua, aje nayo.

Sasa la mikopo ijayo. Maombi niliyopokea yamefika sh. 900,000, na kilichopo mnakiona. Tutakopesha kutokana na salio na kitakachokusanywa siku hiyo, kwa kufuata foleni ya maombi. Mwenye haraka kuliko wengine aseme mbele ya wote, asinipigie simu usiku. Mimi natunza fedha, kukopesha ni uamuzi wa kikao.

Kila mtu afungue kitabu chake leo ahesabu mihuri ya mwezi huu. Kila muhuri ni hisa moja ya sh. 5,000. Ukiona imepungua au imezidi, niandikie kabla ya Ijumaa, tulinganishe na daftari kubwa tukiwa na katibu. Kikao ni Jumapili saa tisa alasiri, palepale. Kuchelewa ni faini ileile.

Mweka hazina