Maelekezo ya mwanga na rangi: picha za vyombo vya mezani

Maelekezo haya ni ya wapiga picha na wahariri wote wa safu mpya: vyombo vya udongo, vya mbao, vitambaa vya kitani, glasi na vya chuma cha pua. Picha zitapangwa pamoja kwenye ukurasa mmoja. Bakuli likipigwa Jumatatu na sahani yake wiki inayofuata, mnunuzi asiweze kujua.

Maneno "mwanga wa joto" na "mwanga wa baridi" yasiandikwe peke yake kwenye agizo la kazi. Ukimwambia mtu "joto kidogo", mmoja atakuletea picha ya manjano, mwingine ya kijivu, na wote wawili watakuwa wametii. Andika namba, na useme namba hiyo ni ya taa au ya kuhariri. Hapa ndipo watu wengi wanapokorogana: taa ya 3000 K ina mwanga wa manjano na ya 6500 K ina mwanga wa kibuluu, lakini kwenye programu ya kuhariri ukipandisha `Temp` picha inazidi kuwa ya manjano. Programu inadhani taa ilikuwa ya buluu, nayo inafidia. Kwa hiyo "ongeza kelvini" si agizo.

Bandika maneno haya kwenye kila agizo, bila kuyabadilisha:

> Taa zote 5600 K, aina moja, CRI 95 au zaidi. Zima taa za chumba, funga mapazia. Mizani ya weupe ya kamera iwekwe 5600 K kwa mkono, `AWB` hairuhusiwi. Piga kwa `RAW`. Fremu ya kwanza ya kila mpangilio iwe na kadi ya kijivu pale bidhaa itakapokaa, ikielekea kamera.

Kundi la joto (udongo, mbao, kitani), kwa mhariri:

> Sawazisha kwa kadi ya kijivu kwanza. Kisha pandisha `Temp` kwa 600 kutoka namba iliyopatikana. `Tint` usiiguse. Kwenye kadi, R izidi B kwa 6 hadi 10.

Kundi la baridi (glasi, chuma cha pua):

> Sawazisha kwa kadi ya kijivu kwanza. Kisha shusha `Temp` kwa 400. `Tint` usiiguse. Kwenye kadi, B izidi R kwa 4 hadi 8.

Thamani hizo zisomwe baada ya kubadilisha faili kuwa `sRGB`, kadi ikiwa karibu na 118. Kadi ikiwa nyeusi au nyeupe mno, tofauti hizo hazina maana.

Tumekataza `AWB` kwa sababu inafuata kilichomo kwenye fremu. Sinia la mbao likijaza picha, kamera hudhani mwanga ni wa manjano na kuupoza. Toa sinia, weka kikombe cheupe, mwanga uleule utatoka tofauti. Karatasi ya printa isitumike badala ya kadi, kwani nyingi zimetiwa kemikali za kung'arisha zinazoleta ubuluu.

Kikombe cheupe na kile cha rangi ya maziwa ndio mtihani wa safu nzima. Vipigwe pamoja kwenye fremu moja ya majaribio kila asubuhi. Ukishapasha picha, bado cheupe kionekane cheupe pembeni ya mwenzake. Vikifanana, joto limezidi au kuna mwanga mwingine umeingia. Mara nyingi ni dirisha. Ubuluu wa kivuli upande mmoja na umanjano upande wa pili hauondolewi kwa `Temp` moja, kwa hiyo usipoteze muda kuuhariri: piga upya.

Vitu vyenye makundi mawili tofauti ndani yake, kama mtungi wa glasi wenye kifuniko cha mbao, hufuata kundi la sehemu kubwa zaidi. Mtungi huo ni wa baridi. Najua mbao itapauka kidogo. Tuiache hivyo kuliko kuwa na kundi la tatu.

Wanaopiga kwa taa za tungsteni, mkikosa kabisa nyingine: tuambieni kabla, na msizipunguze kwa kipunguza-mwanga, kwa kuwa zinapofifia zinazidi kuwa nyekundu. Nyongeza ya 600 haitafaa kwao. Kelvini 200 karibu na 3000 huonekana karibu mara tatu na nusu ya 200 zilezile karibu na 5600, hivyo kwao kundi la joto ni `Temp` juu kwa 160 tu, na la baridi ni chini kwa 120.

Picha zikirudishwa, sababu iandikwe kwa namna hii: "Sahani ya udongo, kadi R inazidi B kwa 15, shusha `Temp`." Sababu kama "haina mvuto" au "imepoa" itarudishwa kwa aliyeiandika.