Aksanti kwa meza ya Noeli

Mama Neema, aksanti sana kwa jana. Tulifika Kadutu salama mbele ya mvua, na watoto walilala wakiongea sambaza zako tu. Zile za kukaanga, na pilipili ya kusaga pembeni, sijala tamu kama hizo siku nyingi. Na sombe! Mawese kidogo tu, vile ninavyoipenda. Kwingine huwa nzito mno.

Lakini kilichonigusa zaidi ni vile ulivyomkalisha baba mkwe karibu na Papa Neema, ukamtolea samaki miiba bila mtu kukuomba. Tangu afiwe na mama, hatukuwa tumemsikia akicheka vile.

Sufuria yako nitaileta Jumamosi, na haitakuja tupu. Utusalimie Papa Neema na koko.